Farasi wa Odi Kubwa na Bei Yake Halisi

Tarehe 7 Mei 2022, katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, Kentucky, farasi aitwaye Rich Strike alishinda mbio za Kentucky Derby. Siku mbili kabla yake hakuwa hata kwenye orodha ya wakimbiaji. Aliingizwa siku moja kabla ya mbio, baada ya farasi mwingine kuondolewa, akapangwa upande wa nje kabisa. Odi yake ilikuwa 80 kwa 1. Epicenter, aliyekuwa akipigiwa upatu, alikuwa mbele zikiwa zimebaki hatua chache tu, ndipo Rich Strike akapenya kwa ndani na kumpita. Aliyekuwa amemwekea dola 2 alilipwa dola 163.60.

Ushindi wa namna hiyo haufutiki kichwani. Mtu aliyeuona hata kwenye televisheni, akienda kubeti wiki ijayo, macho yake yatatafuta kwanza farasi mwenye namba kubwa kuliko wote. Asichokiona ni maelfu ya farasi wengine wa odi kama hiyo waliomaliza wa kumi, wa kumi na tano, au wa mwisho. Hao hawana video inayorudiwarudiwa.

Wachumi Erik Snowberg na Justin Wolfers waliamua kuwahesabu wote. Katika utafiti wao wa mwaka 2010 walichukua matokeo ya mbio za Marekani kuanzia 1992 hadi 2001, zenye farasi zaidi ya milioni 6 walioingia uwanjani. Walijiuliza swali rahisi: mtu angeweka dau lile lile kwa kila farasi wa odi fulani, mwisho wa yote angebaki na nini? Aliyebeti kila mara kwa farasi anayepigiwa upatu zaidi angepoteza takribani dola 5.50 katika kila dola 100. Aliyechagua farasi bila kuangalia chochote angepoteza dola 23. Na aliyeng'ang'ania farasi wa odi ya 100 kwa 1 au zaidi angepoteza dola 61.

Wote wamepoteza, na hilo lisisahaulike tunapoendelea. Ila mmoja amekatwa kidogo, mwingine amenyang'anywa zaidi ya nusu ya fedha zake, na wote walikuwa dirisha moja, siku moja. Kwa maneno mafupi, farasi wasiotarajiwa huuzwa ghali, na wanaopigiwa upatu huuzwa kwa bei iliyo karibu zaidi na haki. Jambo hili si geni. Mwanasaikolojia wa Marekani, R. M. Griffith, aliliandika mwaka 1949, na tangu hapo limeonekana tena na tena, Marekani na Uingereza.

Swali ni kwa nini hali hii haifi. Kama farasi wa odi kubwa ni hasara inayojulikana, mbona watu hawamkimbii mpaka bei yake ikae sawa?

Tuanze na Marekani, kwa sababu kule hakuna wa kumlaumu ila wachezaji wenyewe. Viwanja vya Marekani hutumia mfumo wa chungu cha pamoja, uliobuniwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860. Madau yote huingia chungu kimoja, uwanja hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliobeti kwa mshindi. Hakuna kampuni inayokaa chini kupanga odi. Odi ni kioo cha fedha za watu: wakimjalia farasi fedha nyingi inashuka, wakimpuuza inapanda. Kwa hiyo farasi akiwa na odi ndogo kuliko anavyostahili, ni umati umemwekea fedha nyingi kuliko anavyostahili.

Umati hufanya hivyo kwa sababu akili zetu hazina mizani ya vitu vidogo. Tofauti kati ya uwezekano wa asilimia 50 na asilimia 25 kila mtu anaihisi. Lakini chukua farasi wawili, mmoja ana uwezekano wa asilimia 2, mwingine wa asilimia 1. Machoni pa mchezaji wote wawili ni "huenda akatokea". Hata hivyo yule wa pili anastahili odi mara mbili ya yule wa kwanza. Aliyeshindwa kuona tofauti hiyo atamlipia wa pili bei ya wa kwanza, yaani atamnunua mara mbili ya thamani yake. Kosa la asilimia 1 halimdhuru sana farasi wa asilimia 50. Kwa farasi wa asilimia 1, kosa hilo ni mzigo mzima.

Wapo waliosema kwamba mchezaji hakosei, bali anapenda hatari, na kwamba analipa kwa hiari ili aote ndoto ya kugeuza shilingi 1,000 kuwa 80,000. Snowberg na Wolfers walilipima hili pia, kwa kulinganisha dau la mshindi mmoja na madau ya kutabiri wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Walichokipata kilielemea upande wa kosa la kukadiria kuliko upande wa kupenda hatari. Mimi naamini ndoto nayo imo. Mtu hatoki nyumbani siku ya mapumziko ili arudi na faida ya shilingi mia mbili. Lakini ndoto peke yake isingetosha kuikuza tofauti kiasi hicho kama macho yangekuwa yanaona sawasawa.

Uingereza na Ireland mambo ni mengine, kwa kuwa huko wapo wapokea dau wanaotangaza odi wenyewe na kulipa kutoka mfukoni. Mtu angetegemea wafanyabiashara hawa wazoefu wasirudie kosa la umati. Badala yake odi zao zina mshazari ule ule, na aliyeeleza sababu yake vizuri zaidi ni mchumi Hyun Song Shin, katika makala zake za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alisema mpokea dau anaogopa mtu mmoja: yule anayejua jambo kutoka ndani ya zizi.

Ili kuielewa hofu hiyo, tazama kilichotokea tarehe 26 Juni 1975 katika uwanja mdogo wa Bellewstown, Ireland. Barney Curley alikuwa na farasi aitwaye Yellow Sam, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amepelekwa kwenye viwanja na mazingira yasiyomfaa, akawa anashindwa na odi yake inazidi kupanda. Siku hiyo aliletwa kwenye mbio zilizomfaa. Watu wa Curley walitawanyika nchi nzima, wakaweka madau madogo madogo kwenye maduka mengi ya kubeti kwa pamoja. Maduka yalipogutuka, yalitaka kupiga simu uwanjani ili fedha za kumteremshia odi ziwekwe kabla ya mbio kuanza. Uwanja ulikuwa na simu moja tu ya umma, na ndani ya kibanda chake kulikuwa na mtu aliyeishikilia, akijifanya anazungumza na shangazi yake aliye mahututi. Waliokuwa wakisubiri simu walimhurumia. Yellow Sam alishinda kwa odi ya 20 kwa 1, na Curley akavuna zaidi ya pauni 300,000 bila kuvunja sheria yoyote ya wakati huo.

Sasa jiweke mahali pa mpokea dau. Farasi anayepigiwa upatu hawezi kukushangaza sana, kwani odi yake ya 2 haikuumizi hata kama mtu wa zizini anajua kitu. Wa odi ya 100 anaweza kukufilisi kwa dau moja. Basi unajikinga. Farasi ambaye kwa haki angestahili odi ya 45 unamwandikia 34. Anayeota ndoto hatahesabu tofauti hiyo, atachukua tu, na wewe umejiwekea akiba ya siku ya Yellow Sam. Hivyo hofu ya muuzaji na upofu wa mnunuzi vinavuta kamba upande mmoja.

Kuna sokoni ambako mshazari huu ni mdogo au haupo. Hong Kong, ambako vyungu ni vikubwa mno na wanaocheza kwa hesabu ni wengi, Kelly Busche na Christopher Hall waliutafuta mwaka 1988 wasiuone. Na baada ya Betfair kuanza mwaka 2000, ambako watu hubeti wao kwa wao bila mpokea dau katikati, watafiti wa Uingereza waliona mshazari ukipungua. Haya yananiambia kwamba tabia hii haikuandikwa kwenye farasi. Inategemea nani anauza, nani ananunua, na ana habari kiasi gani.

Tuje sasa kwenye jambo linalomhusu anayetafuta thamani. Thamani, kwa mchezaji makini, haina maana ya odi kubwa. Ina maana ya odi iliyo kubwa kuliko uwezekano wa kweli unavyodai. Farasi mwenye uwezekano wa asilimia 50 anastahili odi ya 2.00, ukipewa 2.10 una thamani, ukipewa 1.90 huna. Kazi yote iko kwenye kuujua uwezekano wa kweli, na hapo ndipo mshazari huu unapowapoteza hata watu wenye kikokotoo mkononi.

Chukua mbio za farasi sita, idadi ambayo mtu aliyewahi kwenda Ngong, Nairobi, hatashangaa kuiona. Tuwaite kwa herufi. Kampuni imetoa odi hizi, kwa mtindo tuliouzoea kwenye simu ambapo odi huzidishwa na dau: A 2.00, B 3.75, C 6.50, D 10, E 17 na F 34.

Hatua ya kwanza kila mchezaji makini anaijua: gawa 100 kwa kila odi. A anapata asilimia 50, B 26.7, C 15.4, D 10, E 5.9 na F 2.9. Jumlisha, utapata karibu 110.9. Lakini mshindi ni mmoja, jumla ilipaswa kuwa 100. Ile 10.9 ya ziada ndiyo chumvi ya kampuni, na lazima uiondoe ili uone kampuni inafikiri nini hasa.

Watu wengi huiondoa kwa kugawa kila asilimia kwa 1.109, kana kwamba chumvi imemwagwa sawasawa kwenye kila sahani. Kwa hesabu hiyo A anabaki na asilimia 45.1 na F na asilimia 2.65. Tumeshaona kwamba chumvi haimwagwi hivyo. Sehemu kubwa imefichwa kwa wale wa odi kubwa. Njia iliyo karibu zaidi na ukweli ni kuinua kila uwezekano kwa kipeo kimoja, ukikiongeza kidogo kidogo mpaka jumla iwe 1. Katika mbio zetu kipeo hicho ni takribani 1.078, na kwenye kikokotoo cha simu inakuwa hivi:

```
A: 0.5000 ^ 1.078 = 0.474
F: 0.0294 ^ 1.078 = 0.022
```

A sasa ana asilimia 47.4, F ana 2.2. Mabadiliko yanaonekana madogo. Yazidishe na odi. Kila shilingi 100 kwa A inarudisha wastani wa shilingi 95. Kila shilingi 100 kwa F inarudisha wastani wa shilingi 76. B anarudisha 90, C 86, D 84 na E 80. Ni ngazi inayoteremka kutoka kwa anayepigiwa upatu hadi kwa asiyetarajiwa, sura ile ile waliyoiona Snowberg na Wolfers.

Sasa tuseme umefungua kampuni ya pili, ukakuta imempa F odi ya 40 na A odi ya 2.15. Mwenye kugawa sawasawa anahesabu: 40 mara asilimia 2.65 ni 1.06, faida ya asilimia 6, twende. Kwa A anapata 0.97, hasara, anaachana naye. Mwenye kukumbuka mshazari anahesabu tofauti: F kwa odi ya 40 anarudisha 0.89, yaani hasara ya shilingi 11 kwa kila 100, na A kwa 2.15 anarudisha 1.02, faida ndogo lakini ya kweli. Mbio ni zile zile, odi ni zile zile, na kila mmoja amemchukua farasi ambaye mwenzake amemkimbia. F asingefaa kununuliwa mpaka odi yake ipite 45.

Hiki ndicho ninachokiona kuwa kiini cha suala zima. Wengi wakisikia habari ya mshazari huu hudhani dawa ni kubeti kwa wanaopigiwa upatu tu. Rudi kwenye zile dola 5.50: hiyo nayo ni hasara, taratibu tu. Mshazari haukupi faida ya bure. Unakusahihishia mizani, na mizani iliyosahihishwa mara nyingi itakwambia usinunue chochote.

Hata mizani hii ina mipaka. Kipeo cha 1.078 kimetoka kwenye odi za mbio hizo za farasi sita tu. Mbio nyingine zitadai kipeo kingine. Na kwenye soko lisilo na mshazari, kama lile la Hong Kong walilolichunguza Busche na Hall, ukitumia hesabu hii utakuwa umewapunguzia wasiotarajiwa haki yao. Kabla ya kuitumia, kusanya matokeo ya soko lako, yapange kwa makundi ya odi, uhesabu kila kundi limeshinda mara ngapi.

Hapo utakutana na mtego mwingine, na huu umewaumiza watu werevu. Tuseme umebeti mara 100 kwa farasi wa aina ya F, odi 34, uwezekano wa kweli asilimia 2.2. Kwa wastani unapoteza robo ya fedha zako. Lakini wakishinda watatu tu kati ya mia, umelipwa 102 kwa 100, una faida. Na kushinda watatu au zaidi hutokea kwa bahati tu karibu mara 38 katika kila 100. Maana yake, kati ya watu 100 wanaofuata njia hii mbovu, kama 38 watakuwa na daftari linaloonyesha faida baada ya madau mia moja, na kila mmoja wao ataamini amegundua siri. Ndiyo maana daftari fupi la odi kubwa halithibitishi kitu. Kwa A madau mia moja yanaanza kusema jambo. Kwa F yanahitajika maelfu.

Bill Benter, Mmarekani aliyejipatia utajiri mkubwa Hong Kong kwa kubeti kwa kompyuta, alieleza mwaka 1994 jinsi alivyoshughulika na tatizo la namna hii. Hesabu zake za mwanzo zilimwonyesha farasi wengi wanaodharauliwa na umati. Alipolinganisha na matokeo, aligundua kwamba pale hesabu zake zilipotofautiana sana na odi za watu, mara nyingi ukweli ulikuwa katikati. Hivyo akaanza kuchanganya makadirio yake na yale ya umati, na mchanganyiko huo ndio aliobetia. Mtu mwenye takwimu kiasi kile alikubali kwamba odi zinajua mambo asiyoyajua yeye. Kwa farasi wa odi kubwa tahadhari hiyo ni ya lazima zaidi, maana ukikosea kidogo tu, ukampa asilimia 3.2 badala ya 2.2, karatasi yako itaandika faida ya asilimia 9 mahali palipo na hasara ya asilimia 24.

Na kwa msomaji anayebeti mpira kwa mkeka: mshazari wa aina hii umeonekana kwenye odi za soka pia, na mkeka huuzidisha. Unganisha wawili wa aina ya F, kila mmoja akirudisha shilingi 76 kwa mia, na mkeka unarudisha wastani wa shilingi 58. Weka wa tatu, umeshuka hadi 44. Kabla ya kubonyeza, gawa 100 kwa odi uliyopewa, kisha jiulize kama kweli unaweza kutofautisha asilimia 3 na asilimia 2 kwa timu au farasi huyo. Kama huwezi, hilo dau liache.

Rich Strike naye alirudi uwanjani baada ya ile Derby, sasa akiwa maarufu na odi yake imeshuka mno. Alikimbia mara kadhaa, mwaka ule na uliofuata. Hakushinda tena.